Muhtasari wa sura ya usimamizi wa shauri: hatua, kumbukumbu na tahadhari za kimaadili

Muhtasari huu ni wa wanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya ustawi wa jamii wanaojiandaa kwa mazoezi ya vitendo katika halmashauri. Mfano unaotumika kote ni wa mtoto wa kike wa miaka 11 anayelelewa na bibi yake, ambaye mwalimu alitoa taarifa zake baada ya kumwona na alama ya kuungua mkononi na kisha kukosekana shuleni kwa wiki tatu.

1. Utambuzi na usajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo mwalimu huyu ametimiza wajibu wake, wala hastahili kuonekana mchongezi. Andika tarehe, saa, aliyeleta taarifa, maneno yake kama alivyoyasema, na kiwango cha uharaka. Dalili za hatari ya papo hapo zikionekana, matibabu, fomu ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hutangulia, na fomu nyingine hujazwa baadaye. Usimwahidi mtoto kwamba atakachosema hakitamfikia mtu mwingine yeyote; mweleze mapema ni jambo gani litakulazimu kuwaambia wengine, na kwa nini.

2. Tathmini. Hapa ndipo faili nyingi huharibikia, kwa sababu mwandishi huchanganya alichokiona, alichoambiwa na anachodhani. Sentensi “bibi anamtesa mtoto” haifai kuwamo kwenye kumbukumbu ya ziara ya kwanza. Inayofaa ni hii: “Nimeona kovu la kuungua juu ya kiganja cha kushoto. Mtoto amesema aliungua akiinjika chungu. Bibi amesema hakuwepo nyumbani siku hiyo. Kwa maoni yangu, usimamizi wa mtoto nyumbani ni hafifu, na chanzo cha jeraha hakijathibitika.” Maoni yanaruhusiwa, mradi yatajwe kuwa ni maoni. Tathmini iguse usalama, afya, elimu, kipato cha kaya na hali ya mlezi mwenyewe, na itaje pia nguvu zilizopo, kama shangazi aliye jirani au bibi anayehudhuria kikundi cha kuweka na kukopa. Zungumza na mtoto mahali ambapo mlezi hasikii, lakini pasiwe pa kificho. Ridhaa huombwa kwa mlezi, na mtoto naye huulizwa kama anakubali. Pale mlezi anaposhukiwa kuwa ndiye mtendaji, kukataa kwake hakuzuii hatua za kumlinda mtoto, na msimamizi wako ajulishwe siku hiyohiyo.

3. Mpango wa huduma. Mpango huandaliwa pamoja na familia, na kila lengo liwe na mhusika na tarehe. “Kuboresha ustawi wa mtoto” haliwezi kupimwa. “Mtoto kurejea darasani ifikapo Jumatatu, shangazi akimsindikiza” linapimika. Saini au dole gumba la mlezi viwepo baada ya kusomewa mpango kwa lugha anayoielewa.

4. Utekelezaji na rufaa. Barua ya rufaa ibebe taarifa zinazohitajika kwa huduma husika tu: zahanati ielezwe jeraha, lakini mwalimu wa darasa hana haja ya kujua migogoro ya ukoo. Hifadhi nakala na uandike kama huduma ilipatikana kweli, kwa sababu rufaa isiyofuatiliwa ni karatasi tu. Picha ya mtoto au jina lake lisipelekwe kwenye kundi la simu la ofisi, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa pia taarifa zilizo kwenye simu.

5. Ufuatiliaji na mapitio. Kila ziara iandikwe siku hiyohiyo, hata kama hukumkuta mtu. Kosa kwenye maandishi hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini. Halifutwi kwa wino mweupe. Kupokea kuku au mahindi kutoka kwa familia, ingawa ni ukarimu wa kawaida, huleta deni katika uhusiano wa kikazi. Shukuru, eleza taratibu, na uandike kwamba ulikataa.

6. Kufunga shauri. Shauri hufungwa malengo yakifikiwa, mteja akihama au mamlaka nyingine ikilipokea. Lisifungwe kwa sababu robo ya mwaka imeisha na takwimu zinadaiwa. Mtoto aambiwe mapema, maana mtu mzima aliyemzoea akitoweka ghafla humwachia jeraha jipya. Ripoti ya kufunga itaje sababu, hali ya kila lengo, hatari iliyobaki, na nani atapigiwa simu mambo yakirudi nyuma, ikiwemo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Msimamizi asaini, kisha faili lifungiwe kabatini na atakayelitoa aandikwe kwenye daftari.