TANGAZO KWA WAHUDUMU WA VYUMBA NA DOBI: MADOA SUGU KWENYE MASHUKA NA MATAULO MEUPE

Kutoka: Msimamizi wa Usafi
Kwa: Wahudumu wote wa vyumba, zamu ya asubuhi na ya jioni, pamoja na wote wanaofanya kazi chumba cha dobi
Linaanza kutumika: leo

Ndugu zangu,

Kabati la mashuka linapungua haraka kuliko inavyotakiwa. Nimepitia rundo la vitu tulivyoviondoa kwenye matumizi, nikakunjua kimoja kimoja na kukiangalia kwenye mwanga. Vingi havikuharibiwa na mgeni. Doa lilikuja dogo, la kutoka kabisa, kisha likatiwa maji ya moto, likamwagiwa jiki na mwisho likapigwa pasi. Baada ya hapo hakuna dawa. Kwa hiyo soma tangazo hili lote, hata kama umefanya kazi hii miaka mingi.

Doa lianze kushughulikiwa chumbani

Unapotandua kitanda, usikumbatie mashuka yote kwa pamoja na kuyatupa kwenye kapu. Likunjue shuka, liangalie pande zote mbili, na geuza foronya. Ukikuta doa, funga fundo jepesi kwenye kona iliyo karibu nalo, kisha kiweke kitu hicho kwenye mfuko wa njano ulio kwenye toroli. Mfuko wa njano ni wa madoa peke yake. Vyenye damu, matapishi, mkojo au kinyesi vinaingia mfuko mwekundu, na huvigusi bila glavu.

Andika kwenye karatasi ya mfuko namba ya chumba na unachodhani doa limetokana nacho. "Chumba 7, taulo, inaonekana ni mafuta ya jua" inatosha. Mtu wa dobi akijua doa ni la nini, nusu ya kazi imekwisha. Asipojua, atabahatisha, na kubahatisha ndiko kunakotumalizia mashuka.

Kitu chenye unyevu kisikae kwenye mfuko hadi kesho. Taulo bichi lililofungiwa huota ukungu, na vile vidoa vyeusi vya ukungu ni vigumu kuliko doa lenyewe.

Maji ya baridi kwanza

Doa ambalo hulijui, lianze kwa maji ya baridi. Pitisha maji upande wa nyuma wa kitambaa ili yalisukume doa litoke lilikoingilia. Ukimwagia upande wa mbele unalizamisha ndani ya nyuzi. Usifikiche kwa nguvu, hasa taulo, maana vile vitanzi vyake vya uzi vinakatika na sehemu ile inabaki na upara. Gusagusa kwa kitambaa cheupe ukitokea pembeni kuelekea katikati.

Na hili nalikazia kuliko yote: kitu chenye doa kisiingie kwenye mashine ya kukaushia wala kisipigwe pasi. Kikitoka kufuliwa, kikague kikiwa bado kibichi. Doa likiwa bado lipo, kirudi kuloweka. Joto ndilo linaloligandisha doa kwenye uzi.

Damu

Maji ya baridi, na ya baridi tu. Damu ina protini, na protini ikipata moto huganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo kwa nusu saa, mwaga maji yakibadilika rangi, weka mengine. Yakianza kutoka meupe, paka sabuni ya maji, acha dakika 15, suuza. Likibaki kivuli cha kahawia, dondoshea hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya chupa nyeusi iliyo kwenye kabati la dobi. Itatoa povu. Povu likitulia, suuza kwa maji baridi na urudie ikibidi. Chupa ifungwe na irudi kabatini, maana dawa hiyo hupoteza nguvu ikiachwa kwenye mwanga.

Shuka likishakuwa safi kabisa kwa macho, ndipo lifuliwe kwa maji ya moto pamoja na mengine.

Mafuta ya jua, vipodozi na mafuta ya kukandia mwili

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki iliyopita yaliletwa mataulo mawili yenye alama za rangi ya chungwa hafifu, umbo la viganja vya mikono. Yalimwagiwa jiki. Ndani ya muda mfupi viganja vile vikawa vya waridi iliyokolea, na sasa hayafai kuwekwa chumbani. Sababu ni hii: mafuta mengi ya kujikinga na jua yana kemikali iitwayo avobenzoni. Ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji hutoa rangi kama ya kutu, na ikikutana na klorini rangi hiyo huzidi. Doa la namna hii halitaki jiki hata tone.

Linataka kitu cha kukata mafuta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, kabla ya maji kugusa. Sugua polepole kwa vidole, acha dakika 20, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Likibaki na unjano kama wa kutu, kamulia maji ya limao, acha kidogo, suuza vizuri, ndipo ufue.

Poda ya maji ya usoni, rangi ya mdomo na wanja ni mafuta yaliyochanganywa na rangi. Mwendo ni uleule wa sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kikavu. Rangi ya mdomo iliyo nene ikwanguliwe kwanza kwa ubapa wa kijiko. Kuanzia sasa kila bafu liwe na taulo dogo jeusi la kufutia vipodozi, liwekwe juu ya mataulo meupe ambapo mgeni ataliona kabla ya mengine.

Mataulo yenye mafuta ya kukandia yana hatari nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Mafuta yakibaki kwenye taulo, na taulo likatolewa kwenye mashine ya kukaushia likiwa la moto na kurundikwa, rundo linaweza kuendelea kujipasha lenyewe hadi likawaka moto. Yafuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha. Yakitoka yananuka mafuta, yafuliwe tena. Yakikauka, yatandazwe yapoe kabla ya kukunjwa.

Unjano wa jasho

Foronya na sehemu ya shuka inayolaliwa kichwa huwa za njano taratibu, hata bila doa la wazi. Ni jasho na mafuta ya ngozi. Wengi hukimbilia jiki, na jiki huongeza unjano huo badala ya kuutoa. Tumia unga wa oksijeni, ule wa kopo la kijani: vijiko vikubwa 2 kwa lita 5 za maji ya moto ya kadiri, kati ya nyuzi 40 na 60. Koroga uyeyuke, zamisha, acha saa 4 au usiku kucha, kisha fua. Usiuloweke kwenye chombo chenye mfuniko uliobana, kwa kuwa hutoa hewa na chombo kinaweza kupasuka.

Chai, kahawa na mvinyo pia hutoka kwa unga huu, baada ya kusuuzwa kwa maji baridi. Usizipake sabuni ya mche, inaweza kulifanya doa lishike zaidi.

Mengineyo kwa ufupi

Tope: liache likauke, likung'ute, ndipo uloweke. Wino wa kalamu: weka kitambaa chakavu cheupe chini, gusagusa kwa spiriti, na uhamishe kitambaa kila kinaponyonya wino. Kutu: limao na chumvi, anika juani, suuza, jiki ni marufuku. Rangi ya nywele: suuza mara moja, kisha unga wa oksijeni. Ukiikuta imeshakauka, niletee kabla ya kujaribu chochote. Dawa ya kuoshea ngozi yenye kloreksidini, ambayo wageni wenye vidonda huwa nayo: ikikutana na klorini huacha doa la kahawia lisilotoka, kwa hiyo taulo lenye dawa hiyo lisiguswe na jiki.

Jiki inatumika lini?

Inatumika mwisho, kwa pamba nyeupe tupu, hasa kwa ukungu, na baada ya kitu kuwa kimefuliwa na kusuuzwa. Kipimo ni mililita 75 kwa lita 5 za maji baridi, si zaidi ya dakika 10, kisha suuza mara mbili. Usimwage jiki moja kwa moja juu ya kitambaa. Leo shuka litaonekana jeupe, lakini uzi umeshaliwa, na baada ya kufuliwa mara chache litachanika likiwa kitandani kwa mgeni. Visivyohusika kabisa na jiki ni mablanketi ya sufu, hariri, na vifuniko vya godoro visivyopitisha maji.

Jiki haichanganywi na siki, limao, wala dawa ya kuoshea choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Haichanganywi na dawa yenye amonia, na shuka lenye mkojo lisuuzwe kwa maji mengi kwanza. Ukisikia harufu kali ya kukaba koo, acha kila kitu, toka nje, acha mlango wazi na uniite. Mashuka yasubiri. Afya yako ni kubwa kuliko shuka lolote la nyumba hii.

Taulo la mgeni si tambara

Naomba tuelewane vizuri hapa. Kufuta sakafu, kioo au sinki kwa taulo la mgeni kunakoma leo, hata kama taulo lenyewe tayari linakwenda kufuliwa. Uchafu wa sakafu na dawa za bafuni huingia kwenye uzi na kulifanya liwe la kijivu. Matambara ya bluu yapo kwenye kila toroli. Yakiisha, niambie siku hiyohiyo nitayaongeza.

Kitu kikishindikana baada ya kujaribiwa mara mbili kwa njia sahihi, kiletwe kwangu. Nitakikata kona moja na kukifanya tambara, kisirudi kabatini kwa bahati mbaya. Hakuna atakayekatwa mshahara kwa doa alilolitolea taarifa. Ninachokataa ni doa kufichwa katikati ya mkunjo, halafu mgeni ndiye awe wa kwanza kuliona.

Nitakuwa chumba cha dobi kila siku wiki hii baada ya zamu ya asubuhi kuwaonyesha kwa vitendo, kuanzia na mafuta ya jua. Zamu ya jioni, fikeni nusu saa mapema siku mtakayochagua. Muda huo utahesabiwa kama muda wa kazi.

Msimamizi wa Usafi

(Nakala moja ibandikwe mlangoni mwa chumba cha dobi, nyingine ndani ya kabati la dawa.)