Karibuni Tuchangie Damu Msikitini, Jumamosi Hii

Assalaam alaykum kwa waumini wetu, na salamu za heri kwa majirani zetu wote.

Kamati ya msikiti inawaalika kuchangia damu Jumamosi hii, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, katika ukumbi wa madrasa ulio nyuma ya msikiti. Tunaposema wote, ni wote: Mwislamu, Mkristo, Mhindu, asiye na dini, mwenyeji na mgeni. Hutaulizwa unasali wapi. Hakuna mahubiri wala bakuli la sadaka litakalopitishwa. Vaa nguo zako za kawaida, ila mkono wa shati uwe unakunjika hadi juu ya kiwiko. Ukumbini viatu havivuliwi.

Aliyewahi kuuona mfuko wa damu wodini anajua kilichoandikwa juu yake: namba, kundi la damu, tarehe ya kutolewa na ya kuisha muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anawekewa mfuko huo bila kujua umetoka kwa nani. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, mgonjwa wa selimundu na majeruhi wa ajali. Na damu haiwekwi akiba kwa muda mrefu. Chembe nyekundu hudumu kama wiki 5 au 6 kwenye jokofu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, takriban siku 5 tu. Ndiyo maana tunawaita sasa, kabla ndugu wa mgonjwa hajaanza kupiga simu usiku akitafuta wa kumchangia.

Anayefaa ni mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mjamzito, anayenyonyesha, au anayeumwa siku hiyo asubiri kwanza. Mwanamume awe amekaa miezi 3 tangu alipochangia mara ya mwisho, mwanamke miezi 4. Dawa unazotumia zitaje kwa mhudumu bila kuona haya, mnazungumza faragha.

Kula vizuri kabla ya kuja na unywe maji ya kutosha. Aliyefunga tunamwomba achangie siku nyingine.

Najua wengi wanaogopa sindano. Utachomwa kidogo kidoleni kupimwa wingi wa damu, utapimwa presha, kisha utalala kitandani kwa dakika kama 10, ukifumba na kufumbua kiganja. Zinatoka mililita 450 hivi, na mtu mzima ana takriban lita 5. Ukimaliza, kaa robo saa unywe kinywaji kabla ya kuondoka, hata ukijiona uko imara.

Damu yote itapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Majibu ni siri yako.

Adhuhuri ikiadhiniwa, wanaoswali wataingia msikitini. Wahudumu watapokezana, kwa hiyo foleni haitasimama. Akina mama wanaotaka kuhudumiwa na mhudumu wa kike wametengewa chumba cha upande wa kulia. Njooni na kitambulisho.

Katibu,
Kamati ya Msikiti