Baba Neema, soma hii ukiwa umepaki

Baba Neema habari za huko, naomba kama uko barabarani usiisome kwanza, subiri mpaka upaki, kama bado umekaa kwenye foleni Tunduma basi isome yote mpaka mwisho ndo unijibu. Watoto wazima, hakuna mgonjwa wala msiba, usishtuke. Nimeamua kuandika mana nikikupigia najijua nitalia na sauti itapanda, alafu kitakachokuja hapo ni ugomvi na mimi sitaki ugomvi, nataka kuelewa kitu.

Jana mchana nililoweka nguo zako ulizoacha, lile jaketi la kijani nikapapasa mifuko kabla sijalitia kwenye maji kama ninavyofanyaga siku zote, mfuko wa ndani wenye zipu nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ni risiti ya kile kitabu cha dukani, nakala ya kaboni ile ya bluu. Imeandikwa majina yako yote matatu, imepokelewa shilingi 300,000, kodi chumba na sebule, Makambako, mwezi wa kwanza mpaka wa sita, tarehe ni 11 Januari, chini kuna sahihi na namba ya simu. Nyuma yake kuna namba zimeandikwa kwa peni, nne nne, nikazihesabu ziko ishirini, nikajua hizo ni za luku. Mwandiko wa namba hizo sio wako, wewe saba yako unaikata katikati na hizo za hapo hazijakatwa.

Hayo ndo nayoyajua. Zaidi ya hapo sijui kitu na sitaki kujifanya najua. Sijui nani anakaa hapo, sijui kama kuna mtu anakaa, sijui hela ilitoka wapi.

Usiku sijalala nimewaza mengi na nitakwambia yote ili usije ukasema nilikuwa nimeshakuhukumu. Nimewaza labda ni mdogo wako, mana uliniambia mwaka jana anatafuta kazi ya kupakia mbao huko Njombe na kwa kipato chake angekuomba umsimamie kodi ya kuanzia. Nimewaza labda nyie madereva mmechanga mkachukua chumba cha kupumzikia kwasababu Makambako ile baridi yake kulala kwenye kibini sio mchezo na we kifua kinakusumbua, ila mbona risiti ina jina lako peke yako. Nimewaza utingo wako. Na nimewaza mwanamke, siwezi kukuficha, hilo ndo lililonikosesha usingizi. Lakini kuwaza sio kuona, kwaiyo sikwambii una mwanamke Makambako, nakuuliza hiki chumba ni cha nini.

Watu wana ule msemo wa lisemwalo lipo, ila mimi hakuna mtu aliyenisemea kitu Baba Neema, hakuna jirani wala dereva mwenzio aliyenipa umbea, ni hiyo karatasi tu. Na namba ya simu iko pale chini, nimeishika simu nikaiandika ile namba yote nikaifuta. Sikupiga kwasababu akipokea mwenye nyumba nitamuuliza nini, mume wangu amempangishia nani? Mambo yako nikayajue kwa mtu baki wakati we mwenyewe upo? Mama yako sijamwambia, dada zako sijawaambia, hata mama Zuhura wa kikoba ambae tunaongea kila kitu sijamwambia. Ukija ukikuta kuna mtu anajua ujue hajatoka kwangu.

Sasa kinachoniuma nikueleze vizuri. Tarehe 11 Januari naikumbuka kwasababu ile wiki ndo shule zilifunguliwa, ulinipigia ukasema posho ya safari haijatoka bosi anazungusha, nikaenda kikoba nikakopa laki mbili ya ada na sare za Neema na viatu vya Juma, na deni lile mpaka leo narejesha kila jumapili kwa hela ya vitumbua, unajua naamka saa kumi. Sisemi hela ile ndo hii. Inawezekana ni hela ya mtu alikupa umlipie, inawezekana ulikopa na wewe, inawezekana una sababu ambayo nikiisikia nitakuomba radhi hapohapo. Ila kama laki tatu ilikuwepo mkononi siku mimi nimeambiwa hakuna, hapo naomba unieleze ilikuwaje, mana hata kama chumba ni cha mdogo wako bado hilo swali litabaki.

Ninachokuomba ni ukweli wote kwa mara moja. Usinipe nusu leo alafu nusu nyingine nije kuikuta mwenyewe kwenye suruali mwezi wa nane. Kama ni mdogo wako niambie ni mdogo wako na kwanini nilifichwa, mimi sijawahi kumkatalia ndugu yako, alikaa hapa miezi mitano tukala nae sahani moja. Kama kuna mwanamke niambie yupo. Kama kuna mtoto niambie kuna mtoto, usimfiche mtoto. Sikuahidi kwamba nitacheka, sikuahidi hata kwamba nitakaa, hilo siwezi kukudanganya kwasababu sijui nitajisikiaje nikisikia. Ila nakuahidi nitakusikiliza mpaka umalize, sitakutukana, sitawaingiza watoto, na sitaweka kitu status. Na kama ni hilo la mwanamke basi kabla ya kitu kingine chochote tutaenda wote zahanati tukapime, hapo sitabembeleza.

Na nikisema niamini na wewe uniamini, simu yako ukirudi sitaishika. Unajua siku zote unaiacha kwenye chaji pale juu ya friji na namba ya siri naijua ni mwaka aliozaliwa Neema, ningetaka kuchunguza ningeshachunguza zamani. Sitaki ndoa ya kuchunguzana, mke wa dereva akianza hiyo kazi hamalizi, kila safari atakuwa anakufa. Miaka yote hii umeondoka na kurudi na mimi nimelala vizuri kwasababu ukisema uko Mikumi najua uko Mikumi. Hicho ndo ninachotaka kirudi.

Usinijibu kwa hasira ya haraka haraka. Na usinipigie ukiwa unaendesha, ile Kitonga sio ya kuongelea mambo haya. Kama unaona maneno haya ni ya ana kwa ana sawa kabisa, andika tu umesoma na utanieleza ukifika, nitasubiri, lakini usikae kimya na tiki za bluu nikaziona, hiyo itaniua. Jumamosi ukiwa umefika watoto nitawapeleka kwa mama yao mdogo Gongo la Mboto toka asubuhi, tutabaki wawili, upumzike kwanza uoge ule, alafu tukae. Hela ya mchango wa kiwanja cha Chanika nimeizuia kwa sasa sijaipeleka, tutaamua tukishaongea.

Risiti sijaichana, nimeiweka kwenye bahasha ya kadi za kliniki za watoto kabatini. Nakutumia picha zake mbili hapa chini, mbele na nyuma, uziangalie mwenyewe kama nimesoma vibaya uniambie.