Njumu Chini ya Mwembe

Ujumbe wa kocha uliingia Jumapili jioni: majaribio ni Jumanne, saa mbili asubuhi, uwanja ulio jirani na ule wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, Kisumu. Odhiambo aliusoma mara tatu. Jumanne saa mbili ndiyo saa ya karatasi ya kwanza ya Hisabati, kwenye mtihani wa kidato cha nne, KCSE.

Akampigia kocha palepale. "Naweza kuja saa tano?"

"Kijana, nina watoto sitini. Wageni wanaokuja kuwatazama wana basi la saa sita. Anayekuja, aje saa mbili."

Simu ikakatika. Odhiambo akabaki amekaa kitandani, macho kwenye picha ya mwanasoka Victor Wanyama aliyoikata gazetini, amevaa kitambaa cha unahodha kule Misri mwaka 2019. Pembeni yake, juu ya ukuta huohuo wa mabati, ilibandikwa ratiba ya mtihani.

Alidhani kaka yake angemkemea. Ouma ana boda pale Kondele, na kidato cha nne alipata C+. Aliposikia habari, aliinua godoro akatoa bahasha ya kaki.

"Cheti ndicho hiki. Tangu nikichukue, kimelala hapa. Nenda uwanjani, Odhis. Mtihani utarudi mwakani, wale wageni hawatarudi."

Maneno hayo yalimuuma Odhiambo kuliko ambavyo kemeo lingemuuma. Ouma alikuwa kipa mzuri sana, kipa wa kuruka, na alikuwa ameacha mpira ili asome.

Jumatatu jioni akaenda kwa Dani, aliyekuwa akipepeta omena uani. Kila alipouinua ungo, vumbi jembamba la samaki liling'aa kwenye jua la magharibi, likamtua kwenye nyusi. Omena hiyo ndiyo iliyomlipia karo, gorogoro kwa gorogoro, sokoni Kibuye. Odhiambo alimweleza yote, akangoja aambiwe la kufanya.

Dani akautua ungo. "Mjukuu wangu, mpira siujui, na hesabu zangu ni za gorogoro. Niambie tu unataka kuamka saa ngapi, nikuwashie jiko la uji."

"Saa kumi na moja, Dani."

"Haya." Akarudi kwenye omena yake.

Usiku ule alipanga begi moja: bikari, rula, kalamu mbili za wino, na njumu zake. Ya kushoto ilikuwa imeshonwa kidoleni na fundi viatu wa Kibuye, kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha.

Asubuhi Ouma alimpakia. Walipofika Kondele alisimamisha pikipiki kando ya barabara, injini ikinguruma, bila kugeuka. Upande mmoja ni barabara ya Kakamega, Mamboleo. Upande wa pili ni mjini, shuleni. Matatu zilikuwa zikipiga honi nyuma yao.

Odhiambo alifikiria meza yenye namba yake ya mtihani, na msimamizi akiipita. Alifikiria pia mstari wa watoto sitini, na nafasi yake ikizibwa kabla hajakosekana.

"Shule," alisema. Alilisikia neno lile kama limetamkwa na mtu mwingine.

Ouma hakujibu. Aligeuza pikipiki.

Mlangoni, msimamizi alikagua begi, akazitoa njumu. "Hizi haziingii." Odhiambo akaziweka chini ya mwembe, kamba zimefungwa pamoja.

Maswali kumi na sita ya lazima, kisha matano ya kuchagua kati ya manane. La nne lilimkwama. Dirishani ilisikika filimbi, moyo ukamruka. Kumbe ni askari wa trafiki. Alifumba macho, akahesabu hadi kumi, akalirudia la nne tangu mwanzo. Safari hii lilifunguka. Aliandika mpaka kengele ikagonga saa nne na nusu.

Ouma alikuwa langoni, injini imewaka. Walipita Kondele bila kupunguza mwendo.

Uwanja ulikuwa mtupu. Basi lilikuwa limeondoka mapema. Mzee mmoja alikuwa akiokota chupa za maji kwenye gunia, na kwenye nyasi ilibaki mistari ya chokaa iliyokanyagwakanyagwa. Odhiambo alivaa njumu zake hata hivyo, polepole, akafunga kamba mafundo mawili. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na hakuificha.

Mzee alitoa mpira kutoka kwenye gunia, umepungua upepo kidogo, akamrushia.

Alipoinua macho, Ouma alikuwa amesimama katikati ya milingoti, bado na koti lake la boda la kung'aa, magoti ameyakunja, viganja wazi.

"Piga," alisema.

Odhiambo akarudi hatua nne nyuma.