Plau Ilipoingia Shambani, Kazi Ilienda kwa Nani? Hotuba ya Siku ya Historia

Mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzangu: shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi.

Klabu ya Historia imenipa dakika kumi nizungumze kuhusu plau. Najua wengi wenu hamjawahi kushika hata jembe la mkono, isipokuwa ile siku ya usafi tunapofyeka nyuma ya maabara. Sisi ni watoto wa Dar es Salaam. Mahindi tunayajua yakiwa yamechomwa kituoni. Lakini leo asubuhi, kabla hamjafika hapa, kuna uwezekano mkubwa mmekula kitu kilichoota kwenye ardhi iliyokatuliwa na ng'ombe au trekta, kwa hiyo habari hii inawahusu.

Vitabu vingi vinasema plau ilimpunguzia mkulima kazi. Mimi nimekuja kubishana na sentensi hiyo. Plau iliipunguza kazi ya kukatua, hilo halina ubishi. Ila kazi haikuisha. Ilihama ikaenda kwa mwingine: kwa ng'ombe, kwa mwanamke, kwa jirani, na mara nyingine kwa udongo wenyewe.

Tuanze na jembe la mkono. Unaliinua, unalishusha, unarudi hatua nyuma, unaliinua tena. Kila pigo ni pumzi yako. Plau ya kwanza kabisa ilikuwa mti wenye ncha, unaburutwa badala ya kuinuliwa. Ilianza kutumika huko Mesopotamia na Misri zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Huko Kalibangan, kaskazini mwa India, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua shamba lililolimwa takriban mwaka 2800 kabla ya Kristo, na mifuo yake ilikuwa bado inaonekana, imekatizana kwa pande mbili. Ng'ombe waliovuta pale hawana hata mfupa tunaoujua, lakini mistari yao ipo.

Pale Misri kuna kaburi la fundi mmoja aliyeitwa Sennedjem, aliyeishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ukutani amechorwa akilima peponi. Amevaa nguo nyeupe safi, jambo linalothibitisha kwamba ni peponi kweli, maana hakuna mtu anayelima na nguo nyeupe hapa duniani. Mbele yake kuna ng'ombe wawili. Nyuma yake yupo mkewe, anafuata akipanda mbegu. Naomba mkumbuke nani kashika plau na nani anakuja nyuma.

Plau ya namna hiyo hukwaruza udongo, haiugeuzi. Kwenye udongo mwepesi inatosha. Ndugu zetu wa Ethiopia wanayo hadi leo, wanaiita maresha. Huvutwa na ng'ombe wawili, na mkulima hurudia shamba lilelile mara kadhaa kwa kukatiza, hasa kama anapanda tefu, nafaka ya kwao, kwa sababu mbegu za tefu ni ndogo mno na zinataka udongo uliosagika. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba Afrika haikuijua plau mpaka wazungu walipokuja, mwambieni apande basi aende Ethiopia.

Ulaya ya kaskazini ilikuwa na tatizo jingine. Udongo wake ni mzito, wa mfinyanzi, na una maji mengi. Mti wa kukwaruza haukufua dafu. Katika Enzi za Kati ikasambaa plau nzito yenye vitu vitatu: kisu cha kupasua udongo kwenda chini, ulimi wa chuma wa kuukata kwa chini, na bao lililopinda la kuupindua. Hapo ndipo magugu yalipoanza kufukiwa yakiwa hai. Wachina walikuwa wamelijua bao la kupindua udongo mapema zaidi, tangu enzi za utawala wa Han, na lao lilikuwa la chuma.

Plau nzito ilihitaji ng'ombe wengi, wakati mwingine wanane. Mkulima wa kawaida hakuwa na ng'ombe wanane. Ikabidi huyu alete wawili, yule mmoja, mwingine alete plau, walime kwa zamu. Na kundi la ng'ombe wanane si kitu cha kugeuza kwenye kona. Ndiyo maana mashamba yao yakawa membamba na marefu, ili wageuze mara chache. Hapo ndipo inapoingia ekari. Nchini Uingereza ekari ilikuwa eneo ambalo ng'ombe wanaweza kulima kwa siku moja, upana kama mita 20 na urefu kama mita 200. Mzazi uliyenunua ekari moja kule Mkuranga au Chanika, ulipimiwa kwa jasho la ng'ombe wa Kiingereza, na dalali hakukwambia.

Mwaka 1837 fundi chuma mmoja wa Marekani, John Deere, pale Grand Detour katika jimbo la Illinois, alichukua msumeno uliovunjika wa kiwanda cha mbao akautengeneza kuwa plau ya chuma cha pua. Udongo wa mbuga za kule ulikuwa unanata. Wakulima wenye plau za zamani walilazimika kusimama kila mara kuukwangua. Kwenye chuma cha pua kilichong'aa, udongo uliteleza wenyewe. Mbuga zilizokuwa na majani tangu zamani zikageuzwa kuwa mashamba ya ngano na mahindi.

Miaka ya 1930 ukaja ukame. Mizizi ya majani iliyokuwa imeushika udongo haikuwepo tena, kwa sababu plau ilikuwa imeipindua. Upepo ukaunyanyua udongo. Mwezi Mei 1934 vumbi la katikati ya Marekani lilifika New York na kuangukia meli zilizokuwa baharini. Maelfu ya familia zilihama. Pale kazi ilikuwa imehamishiwa kwa udongo, nao ukagoma.

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini hapa kwetu jembe la mkono lilidumu sana? Jibu la haraka ni kwamba wazee wetu walikuwa nyuma. Jibu hilo ni la uvivu. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa na mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hufa kwa ugonjwa wa nagana. Utamfunga nani nira? Tena jembe la mkono lilikuwa linafanya mambo ambayo plau haiwezi. Wamatengo wa Mbinga wanalima ngoro, mashimo ya mraba kwenye miteremko mikali, yanayozuia maji ya mvua yasibebe udongo. Peleka maksai kwenye mteremko ule uone. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, watu walimwagilia mashamba kwa mifereji ya mawe karne kadhaa kabla ya mkoloni. Na majembe ya chuma ya Wanyamwezi yalikuwa mali: yalifanyiwa biashara, yakatolewa mahari.

Plau ilishika kasi zaidi kwenye maeneo yenye ng'ombe wengi, hasa Usukumani, pamoja na zao la pamba. Upande wa mama yangu ni wa Maswa. Nilipomuuliza bibi plau ilileta nini, nilitegemea aniambie maendeleo. Akasema, "Babu yako alianza kulima eneo kubwa. Mimi nikaanza kupalilia eneo kubwa." Akaendelea kuchambua mboga.

Hebu fikirini hesabu hiyo. Maksai wawili wanaweza kukatua ekari kwa siku chache, kazi ambayo kwa mkono ingekula wiki. Mwanaume anashika plau, anatanua shamba, anaonekana shujaa. Lakini magugu hayajui kwamba shamba lilikatuliwa na ng'ombe. Yanaota kila mahali, na palizi ilibaki kwa jembe la mkono, mikononi mwa akina mama na watoto. Nayo mavuno ya pamba, ambayo huchumwa kitumba kwa kitumba, yakaongezeka. Nawaomba tena mumkumbuke yule mke wa Sennedjem.

Halafu kuna Kongwa, kule Dodoma. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga, ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa hapa Tanganyika. Kazi ikaanza mwaka 1947. Mitambo ilishushwa hapa hapa bandari ya Dar es Salaam ikapelekwa bara kwa reli. Walikuwa na matrekta mitumba, walikuwa hata na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hawakuwa na jambo moja tu: hawakumuuliza Mgogo yeyote ule udongo unakuwaje wakati wa kiangazi.

Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama zege, na mchanga wake ulizila ndimi za plau. Mibuyu nayo ilikataa kung'oka. Mvua zikawa haba. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na fedha zilizopotea zinakadiriwa kuwa pauni milioni 36. Tunafundishwa Kongwa kama kichekesho cha mkoloni, na kweli inachekesha. Lakini mimi naona ni onyo hata kwetu wenyewe, maana baada ya uhuru nasi tulipenda sana matrekta, na mengi yaliishia kukaa juu ya mawe yakisubiri vipuri. Mwalimu Nyerere aliliona hilo, akawa anawasihi wakulima wahame kutoka jembe la mkono kwenda plau ya ng'ombe kwanza. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, ambacho wazazi wengi hapa wanakikumbuka kwa jina la kituo cha daladala kuliko kwa bidhaa zake, kilitengeneza majembe na plau kwa ajili hiyo.

Leo huko Karatu na Arumeru wapo wakulima wanaofundishwa kutopindua udongo. Kulima miaka mingi kwa kina kilekile hutengeneza tabaka gumu chini, mizizi na maji havipiti. Wanatumia chombo cha kuchana kinachovutwa na ng'ombe, kinachopasua mstari wa kupandia tu, na kati ya mistari wanaacha mabua. Ukikitazama vizuri, ni ncha inayoburutwa kwenye udongo. Magugu bado ni shida, na ukiuliza nani anayapalilia, jibu ni lilelile la bibi.

Ubishi nauacha wazi. Mwalimu wa Jiografia ameshaniambia hakubaliani na mimi kuhusu Marekani, anasema kosa ni la ukame kuliko plau. Atapewa kipaza sauti baada ya mgeni rasmi. Plau tuliyoazimwa na fundi wa Kibamba iko nje, chini ya mwembe. Kidato cha Pili watawaonesha ulimi, bao na mnyororo wa nira. Mnaweza kujaribu kuinyanyua, ila wadogo msishike upande wa ulimi.

Asanteni kwa kunisikiliza.