Mwaliko wa kushiriki utafiti wa tiba ya kichocho cha tumbo, Kigoma

Ndugu mgonjwa wetu,

Tunakuandikia kwa sababu choo ulicholeta maabara kimeonekana kuwa na mayai ya kichocho cha tumbo. Tiba yako ipo, na utaipata hata kama hutashiriki utafiti huu. Tafadhali soma barua hii bila haraka, au usomewe na mtu unayemwamini, na ukae nayo nyumbani siku mbili au tatu kabla ya kuamua.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Mtu mzima hupewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa mara moja. Mwenye kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga iliyopenya ngozi wiki chache tu zilizopita huweza kunusurika. Mtu anayeingia ziwani kila siku, Kibirizi, Katonga au Ujiji, kwa kuvua, kufua au kuosha dagaa, anaweza kuwa na minyoo ya rika zote mbili kwa wakati mmoja. Tunataka kujua: je, dozi ya pili baada ya wiki 6, wakati ile michanga imekwisha kukomaa, inaponya watu wengi zaidi kuliko dozi moja?

Siku ya kwanza washiriki wote watapewa dozi kamili. Wiki ya 6, nusu watapewa dozi ya pili na nusu vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa. Kura ndiyo itakayoamua. Si wewe, si daktari, na hakuna kati yenu atakayejua umeangukia wapi mpaka utafiti uishe. Wiki ya 12 tutapima tena. Yeyote atakayekutwa bado na mayai atatibiwa siku hiyo.

Utakuja mara tatu, kila safari itachukua kama saa tatu. Utapimwa uzito, utatobolewa kidole kwa matone machache ya damu ili tuangalie wingi wake, na utaleta choo cha siku mbili mfululizo. Tutakupa vikopo. Jaza nusu, bila mkojo wala maji kuingia, na ulete siku hiyohiyo kabla ya saa 4 asubuhi.

Kuhusu madhara, tunaomba usome kwa makini. Wengi hupata kichefuchefu, kuumwa tumbo, kichwa, kizunguzungu au usingizi, na kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja. Mwenye minyoo mingi anaweza kuumwa tumbo zaidi na hata kuharisha damu, kwa sababu minyoo inakufa ndani ya mwili. Wengine huwashwa na kutoka vipele. Kula kwanza ugali au wali. Tumbo tupu huongeza kutapika. Meza kidonge bila kukitafuna, kwani ni kichungu mno. Utakaa nasi saa mbili baada ya kumeza. Ukitapika, mwambie muuguzi, usijiongezee vidonge mwenyewe. Siku hiyo na kesho yake usiendeshe bodaboda wala kuingia kwenye mtumbwi: kizunguzungu majini kinaua. Ukivimba uso au kubanwa kifua, rudi mara moja, usiku au mchana. Matibabu ya madhara yanayotokana na utafiti ni bure. Watakaoangukia dozi mbili wanaweza kupata usumbufu huu mara mbili.

Tunaalika wenye miaka 18 na zaidi. Tuambie kama una kifafa, kama unatumia dawa za kifua kikuu, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya prazikwanteli, au kama una ujauzito. Hapo tutakutibu au kukushauri nje ya utafiti. Wanawake watapimwa mkojo kwanza.

Hatuwezi kukuahidi kwamba utapona vizuri zaidi kuliko asiyeshiriki. Kushiriki si kinga pia: ukirudi kwenye maji yenye konokono wa kichocho, unaweza kuambukizwa upya. Hulipwi, ila nauli ya shilingi 10,000 utarudishiwa kila safari.

Kushiriki ni hiari. Ukikataa, au ukijitoa katikati bila kutoa sababu, hakuna atakayekununia, na huduma zako hapa zitabaki vilevile. Mume, mke, mwenyekiti wa mtaa au tajiri wa mtumbwi hawezi kukubali kwa niaba yako. Karatasi zetu zina namba badala ya jina. Daftari linalounganisha viwili hivyo limefungiwa kabatini.

Ukikubali, njoo chumba namba 7, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Utauliza maswali kwanza, kisha utasaini. Asiyejua kusoma ataweka dole gumba mbele ya shahidi wake mwenyewe, si mfanyakazi wetu. Nakala moja utaondoka nayo. Kibali cha kamati ya maadili kimebandikwa mlangoni pamoja na namba ya kamati hiyo, uwapigie bila kupitia kwetu ukiwa na malalamiko.

Wako katika huduma,
Watafiti na wauguzi wa kichocho, chumba namba 7