Zoezi la marudio, Kidato cha Tatu: tao la rifleksi

Swali la 1

Mwanafunzi anapika chai. Anagusa mfuniko wa sufuria uliopata moto, na mkono unarudi nyuma kabla hajasema lolote. Mchoro wa njia ya taarifa una herufi tano:

P: msuli wa mbele wa mkono wa juu, unaokunja kiwiko
Q: niuroni ndefu inayoingia kwenye ugwe wa mgongo, ina kivimbe nje kidogo ya ugwe
R: ncha za neva kwenye ngozi ya kidole
S: niuroni fupi, yote imo ndani ya sehemu ya kijivu yenye umbo la kipepeo
T: niuroni ndefu ambayo kiini chake kimo ndani ya sehemu ya kijivu, na mkia wake unatoka nje

Njia sahihi ni ipi?

A. R → T → S → Q → P
B. R → Q → S → T → P
C. P → T → S → Q → R
D. R → Q → ubongo → T → P
E. R → S → Q → T → P

Jibu: B

Naomba msome maelezo haya hata kama mmepata. Kwenye jaribio lililopita wengi wenu mlijua kukariri "kipokezi, niuroni ya hisi, niuroni ya kati, niuroni ya mwendo, kitendaji", lakini mchoro ulipokuja bila majina mkachagua A. Maneno mlikuwa nayo. Kilichokosekana ni kuyaona kwenye mchoro.

Anzeni na ncha mbili. Joto linapokelewa wapi? Kwenye ngozi, basi R ndiyo kipokezi. Nani anafanya kazi mwishoni? Msuli, basi P ndiyo kitendaji. Hapo C imeshaanguka. Tena haiwezekani hata kimaumbile: kwenye sinapsi, kemikali inayopeleka taarifa hutolewa upande mmoja na kupokelewa upande wa pili, kwa hiyo taarifa haigeuki kurudi ilikotoka.

Sasa tazameni Q na T, maana hapo ndipo alama zinapopotea. Zote ni ndefu, na kwenye karatasi zinafanana kama pacha. Tafuteni kivimbe. Kile ni fundo la neva, mahali vinapokaa viini vya niuroni za hisi, na siku zote kiko kwenye mzizi wa nyuma, yaani upande wa mgongoni. Niuroni ya mwendo haina kivimbe njiani. Kiini chake kimebaki ndani ya kijivu, na mkia wake unatokea mzizi wa mbele. Msitegemee "juu" na "chini" ya karatasi, kwa sababu mtunga mtihani anaweza kuugeuza mchoro. Tegemeeni kivimbe. Mwaka 1822 Mfaransa François Magendie alionyesha tofauti ya mizizi hii kwa wanyama: ukikata wa nyuma, hisia zinapotea; ukikata wa mbele, mwendo unapotea.

E inaanguka kwa sababu S haitoki nje ya ugwe. Haiwezi kukutana na ngozi.

D ndiyo mtego mzuri kuliko yote, na nawaelewa mlioichagua, kwa sababu maumivu tunayasikia kweli. Taarifa hufika ubongoni, ila kwa tawi la pembeni, wakati amri ya msuli imeshatoka kwenye ugwe wa mgongo. Ndiyo maana "uuwi!" inakuja mkono ukiwa tayari umeondoka.

Swali la 2

Daktari anagonga kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, na mguu unaruka mbele. Njia fupi kabisa ya tendo hili ni ipi?

A. ngozi ya goti → niuroni ya hisi → niuroni ya kati → niuroni ya mwendo → msuli wa paja
B. kipokezi ndani ya msuli wa paja → niuroni ya hisi → niuroni ya mwendo → msuli wa paja
C. kano → niuroni ya mwendo → niuroni ya hisi → msuli wa paja

Jibu: B

Hapa anayekariri hatua tano anaanguka. Pigo linavuta kano, kano inavuta msuli wa mbele wa paja, na vipokezi vya mvuto vilivyo ndani ya msuli huohuo vinaamka. Niuroni ya hisi inaungana moja kwa moja na ya mwendo: sinapsi moja tu, hakuna niuroni ya kati. Kipokezi na kitendaji vinaishi nyumba moja.

Kazi ya nyumbani: chora upya mchoro wa swali la 1 ukiwa umeugeuza juu chini, weka mishale, kisha mpe mwenzako wa dawati aonyeshe niuroni ya hisi kwa kidole.